Kiinua Mgongo Kigeuke Mshahara: Kutoka Miaka 50 Hadi 65

Hotuba kwa wafanyakazi wanaomaliza utumishi, Mtwara mjini

Ndugu zangu, mama zangu na kaka zangu, mliotoka Mikindani, Chuno na Magomeni, na nyinyi mliopanda basi alfajiri kutoka Lindi, assalaam alaikum, tumsifu Yesu Kristo, shikamooni wakubwa zangu.

Nimefanya kazi benki hapa hapa Mtwara kwa miaka mingi, tena dirishani, mahali ambapo fedha zinaonekana zikiingia na zikitoka. Mtu aliyepokea malipo ya kumaliza kazi nilimjua hata kabla hajasema. Wiki ya kwanza anakuja peke yake kuuliza salio. Wiki ya pili anakuja na shemeji. Mwezi wa tatu anaomba taarifa ya akaunti, anasimama pembeni na kupitisha kidole mstari kwa mstari, anatafuta fedha zilikokwenda. Wengi hawakuibiwa. Walitoa milioni mbili hapa, laki nane pale, kila moja kwa sababu ya heshima kabisa.

Leo nitazungumzia mtu mmoja tu. Ana miaka 50, kazi imekwisha kwa kupunguzwa, na mkononi ana shilingi milioni 60 baada ya makato. Mwenye zaidi au pungufu ataigeuza hesabu hiyo kwa kipimo chake. Mtu wetu ana nyumba yake Chuno, mkewe anauza genge, mtoto mmoja bado yuko sekondari. Mshahara wake ulikuwa 900,000 kwa mwezi na matumizi ya nyumbani ni 850,000.

Anachotakiwa kujiuliza kwanza ni ajilipe kiasi gani kila mwezi. Biashara itafuata baadaye. Miaka 15 ni miezi 180. Milioni 60 ukiigawa kwa 180 unapata 333,333. Hiyo ndiyo milioni 60 ikivaa nguo za mshahara, nayo ni zaidi kidogo ya theluthi ya alichokuwa akipokea. Akiendelea kutumia 850,000 kama zamani na fedha zimelala tu, zinakwisha ndani ya miezi 70. Atakuwa na miaka 55, anaelekea 56, na ile pensheni ya miaka 60 bado iko mbali.

Kabla hajagusa shilingi, aende ofisi ya NSSF akachukue taarifa ya michango yake. Aliyekuwa serikalini aende PSSSF. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, na umri wa 55 kwa hiari au 60 kwa lazima. Kuacha kazi ukiwa na miaka 50 hakufuti michango hiyo, inakusubiri. Kaa na taarifa hiyo mezani, kalamu mkononi, uhesabu mwezi mmoja mmoja. Utakuta miezi ambayo mwajiri alikata kwenye mshahara lakini hakupeleka. Hati za mshahara za miezi hiyo zitafute sasa, wakati ofisi ya mwajiri bado ina mtu wa kujibu, kwa sababu kampuni ikishafunga milango na mhasibu akishahamia Dar es Salaam, utabaki na karatasi bila wa kumdai. Kila mwezi unaokosekana unapunguza pensheni yako maisha yote, kwa sababu kanuni ya kukokotoa inazidisha kwa idadi ya miezi.

Mwenye miezi 170 nataka anisikilize vizuri zaidi. Wewe umebakiza kumi tu kufikia mlango. Usikubali mtu akushawishi kuchukua michango yako yote leo eti ni mtaji. Omba kwa maandishi maelezo ya namna ya kuendelea kuchangia kama mwanachama wa hiari hadi utimize. Fedha ya michango kumi ni ndogo sana ukilinganisha na pensheni ya kila mwezi hadi kaburini.

Vilevile, aliyepunguzwa kazi bila kupenda, mwenye michango ya miezi 18 na kuendelea, ana haki ya fao la kukosa ajira. Ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa mtu wetu ni kama 300,000 kwa mwezi. Aliombe mapema, lakini asilipangie matumizi mpaka limeingia.

Jambo la sheria nalisema haraka. Kiinua mgongo cha lazima ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka kumi. Ni kidogo. Fungu kubwa liko kwenye makubaliano ya kupunguzwa, likizo ambazo hukuchukua, notisi na nauli ya kurudi kwenu. Kama unaona umeachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko ndani ya siku 30. Watu wanakaa miezi mitatu wakinung'unika barazani, halafu wanakuta muda umepita.

Sasa turudi kwenye milioni 60. Kwenye zile 850,000 za matumizi, 250,000 zilikuwa rejesho la mkopo, na deni lililobaki ni milioni 4. Alilipe lote siku ya kwanza, achukue barua ya kumaliza deni. Hakuna mahali pengine atakapoweka milioni 4 zikampunguzia mzigo wa 250,000 kila mwezi. Matumizi sasa ni 600,000. Zimebaki milioni 56.

Milioni 30 azipeleke kwenye hatifungani ya Serikali ya miaka 15. Hatifungani ni mkopo unaoipa Serikali kupitia Benki Kuu. Inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mwisho wa muda inakurudishia fedha yako. Nimechagua miaka 15 kwa sababu mtu wetu ana 50, na fedha itarudi akiwa na 65. Ya miaka 25 mara nyingi ina riba kubwa zaidi, lakini itaiva akiwa na 75. Akitaka kuiuza katikati atategemea bei ya soko siku hiyo, na bei hiyo hushuka pale riba za hatifungani mpya zinapopanda.

Tuseme riba ni asilimia 12. Viwango hubadilika, uliza vya siku utakayonunua. Milioni 30 zitazaa milioni 3.6 kwa mwaka, yaani milioni 1.8 kila miezi sita, sawa na 300,000 kwa mwezi.

Kununua si jambo la wakubwa peke yao. Unafungua akaunti ya CDS, ile inayotunza hatifungani zako kwa jina lako, kupitia benki yako au kwa dalali wa soko la hisa, ukiwa na kitambulisho cha NIDA na akaunti ya benki ya kupokelea riba. Minada ya Benki Kuu hufanyika Jumatano, na kiwango cha kuanzia ni shilingi milioni moja. Mnunuzi mdogo anaomba bila kushindana bei, anapewa kwa bei ya wastani ya mnada. Hapo kuna jambo linalowachanganya wengi: bei hutajwa kwa kila shilingi mia. Ukiambiwa bei ni 104, maana yake unalipa milioni 104 kupata karatasi ya milioni 100, na mwisho utarudishiwa 100, si 104. Kwa hiyo usiulize riba tu. Uliza na bei, umwombe afisa akuandikie kwenye karatasi utalipa kiasi gani, utapokea kiasi gani kila miezi sita, na mwisho utarudishiwa kiasi gani.

Kosa ninaloliona kwa waliofuata njia hii ni kusahau kwamba riba ya kwanza inakuja baada ya miezi sita. Nyumbani kunaliwa kila siku. Mtu kafunga fedha zote, mwezi wa pili hana hela ya unga, anakwenda kukopa kwa riba ya mtaani huku ana milioni 60 Benki Kuu. Nimemwona mama mmoja analia dirishani kwa jambo hilo hilo, na fedha zake zilikuwa salama kabisa.

Ndiyo maana mtu wetu aweke milioni 8 karibu. Nusu zikae benki, kwenye akaunti tofauti na ile yenye kadi anayotembea nayo. Bima ya amana inalinda hadi shilingi milioni 7.5 kwa kila mwenye amana katika benki moja, hivyo hapo yuko ndani. Nusu nyingine ziende Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja, ambako unaweza kuuza vipande, yaani sehemu zako za mfuko, ukapata fedha yako ndani ya siku chache za kazi.

Miezi sita ya kwanza anajilipa 500,000 kutoka kwenye fungu hili. Laki moja inayobaki inatoka genge la mkewe. Kwa miezi sita ametumia milioni 3, zimebaki 5. Riba ya kwanza inaingia, milioni 1.8, anairudisha kwenye fungu, linakuwa milioni 6.8. Nusu mwaka unaofuata vivyo hivyo. Fungu linapungua milioni 1.2 kila miezi sita, na litamfikisha mwaka wa pili na nusu, huku likibaki na milioni 2 za kusubiria riba inayofuata. Na ile fedha ya kukosa ajira ikiingia, ibaki humo humo kwa ajili ya maradhi, maana kadi ya bima ya afya ya kazini inakufa na kazi. Kujiunga upya kwa gharama yako ni jambo la mwezi wa kwanza. Usisubiri mpaka umelazwa Ligula au umepelekwa Ndanda.

Mpaka hapa tumetumia 4, 30 na 8. Milioni 14 zinazofuata ni kwa ajili ya adui asiyeonekana, mfumuko wa bei. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka, kikapu cha 100,000 leo kitakuwa 180,000 baada ya miaka 15. Lakini riba ya hatifungani ni ile ile, haijui kwamba mafuta ya kula yamepanda. Milioni 14 ziwekwe kwenye mfuko wa pamoja, kwa mfano Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS, kwa mpango wa kukuza mtaji, siyo wa kupokea gawio. Asiziguse kwa miaka miwili na nusu ya mwanzo.

Faida ya mifuko haina ahadi. Mimi nimehesabu kwa asilimia 9. Zitafika kama milioni 17.4, na kuanzia hapo anaweza kuchukua 250,000 kila mwezi hadi atimize miaka 60. Faida ikiwa 7 tu, achukue 235,000. Mnaona tofauti si ya kuvunja nyumba, kwa sababu tegemeo la nyumba liko kwenye zile 300,000 za hatifungani. Akiwa na 60 pensheni inaanza. Akifika 55 aende akaombe hesabu mbili, ya kuchukua pale na ya kusubiri, alinganishe. Nimechukua 60 ili nisikosee kwa upande wa matumaini. Na akiwa na 65, milioni 30 zinarudi mkononi. Nguvu yake ya kununua itakuwa imeshuka, kwa ule mfumuko wa asilimia 4 itakuwa sawa na milioni 16 au 17 za leo, lakini ipo.

Zimebaki milioni 4, na hizo ndizo za biashara. Najua hapa baadhi yenu mmeguna. Mlikuja na mawazo ya bajaji mbili, ya mikorosho ekari ishirini, ya nyumba ya wageni. Sizipingi shughuli hizo. Ninachokataa ni kuzipa kazi ya mshahara wa mwezi ujao.

Tuchukue korosho, ambayo sote tumekulia chini yake. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ekari moja inabeba miche 28 hivi. Mche wa kubebeshwa unaweza kuanza kutoa mwaka wa tatu, ila mavuno ya kutegemewa yanachukua miaka zaidi. Kila mwaka kuna kupalilia, kuna kupuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga kuanzia Mei au Juni, kuna vibarua wa kuokota. Fedha inaingia mara moja kwa mwaka baada ya minada inayoanza Oktoba, nayo inapitia chama cha msingi. Mnakumbuka msimu wa 2018. Wakulima walikataa bei za mnada, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wako waliosubiri malipo kwa muda mrefu. Mwenye hatifungani au mshahara wa akiba aliweza kusubiri. Aliyekuwa amemwaga kiinua mgongo chote shambani alikwenda kuuza kwa walanguzi wa kangomba, tena kwa bei ya kuhurumiwa. Kwa hiyo panda, lakini panda ekari mbili, kwa milioni 4, ukiwa na miaka 50, na miche ichukue kwa watu wanaojua kazi, kama kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele. Ukiwa na 58 mikorosho hiyo itakuwa kwenye umri mzuri, na ndipo itakapokusaidia kuziba pengo la bei.

Bajaji inadanganya kwa njia nyingine. Kila jioni dereva analeta hesabu, unaona fedha, unakula. Lakini ndani ya hesabu ile kuna kipande cha bajaji yenyewe, kwa maana inachakaa. Usipotenga sehemu kila siku kwa ajili ya kununua nyingine, baada ya miaka mitatu utakuwa umekula mtaji ukidhani ni faida. Kama unaitaka, subiri mwaka mmoja kwanza.

Na nyumba za wageni, ndugu zangu, tunazo mbele ya macho yetu. Gesi ilipogunduliwa bahari kuu mwaka 2010 na baada yake, watu wa Mtwara na Lindi walijenga wakingoja wageni. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, mafundi wakaondoka. Pale Likong'o mradi wa gesi kimiminika bado unasubiriwa. Naomba mradi uje, wajukuu zetu wapate kazi. Ila mtu wa miaka 50 hana miaka ya kusubiri pamoja na mradi.

Baada ya maneno hayo mama mmoja wa Mikindani alinyosha mkono, akasema, "Mwanangu, umesema vizuri, lakini mimi riba siili." Nilimshukuru, kwa sababu nusu ya ukumbi walikuwa na swali hilo na walikuwa wanaona haya. Nilimjibu hivi. Mama, mpangilio ni ule ule, vyombo ndivyo vinavyobadilika. Fungu la karibu liweke kwenye benki inayofuata sharia, Amana Bank ipo tangu 2011, na baadhi ya benki nyingine zina dirisha la namna hiyo. Mahali pa hatifungani tafuta sukuk, yaani hatifungani za sharia zisizo na riba, ambazo zimeshaanza kutolewa nchini, na Serikali ya Zanzibar imetoa yake. Ukikosa sukuk ya muda unaoutaka, vyumba vya kupangisha ndivyo vinavyofaa. Ila hesabu kwa haki: vyumba vinne vya 50,000, ukikadiria miezi kumi ya wapangaji kwa mwaka, ni milioni 2. Ondoa laki tatu za ukarabati, inabaki milioni 1.7 kwa mwaka kwenye milioni 30, chini ya nusu ya ile ya hatifungani. Faida yake ni kwamba kodi unaweza kuipandisha bei zikipanda, na nyumba yenyewe hubaki. Basi wewe utahitaji fungu la karibu kubwa zaidi, na shamba dogo zaidi.

Kaka mmoja akauliza kuhusu ndugu. Malipo haya hayajifichi, na msimu wa jando na unyago ukifika kila ukoo una mchango wake. Siwaambii mkatae watu wenu. Kwenye zile 600,000 andikeni kifungu cha ndugu, tuseme 40,000 kwa mwezi, na kikiisha kimeisha hadi mwezi ujao. Anayeomba milioni mwambieni ukweli, kwamba fedha zimefungwa Benki Kuu hadi mwaka fulani. Na msimdhamini mtu mkopo, maana saini ya mdhamini ndiyo inayofikia hata zile mlizodhani mmezificha.

Mke au mume ajue kila kitu kilipo. Kwenye fomu ya UTT, akaunti ya CDS na benki kuna nafasi ya mrithi, ijazwe. Daftari moja liandikwe namba za akaunti, tarehe za riba na tarehe ya kuiva, likae sandukuni pamoja na hati ya nyumba.

Mwenye taarifa yake ya NSSF mkononi asiondoke. Nitakaa meza ile ya dirishani hadi saa kumi, tuhesabu miezi pamoja, na wenye upungufu tuandike barua zao leo hii hii.